Kifferawe ni wapi? Kusoma ukurasa wa zamani wenye chapa ya Kijerumani

Mdogo wangu mmoja alinitumia kwa simu picha ya ukurasa aliopiga kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga. Akaniandikia: "Kaka, shikamoo. Kifferawe ni wapi? Nimeitafuta kwenye ramani zote siioni." Nilimjibu kwamba anapajua, na Jumamosi iliyopita alipita hapo akienda kwa shangazi yake. Ni Kisarawe.

Kosa lake hufanywa na karibu kila anayeanza kusoma karatasi za enzi ya Wajerumani, na dawa yake ni mpangilio wa kazi. Nitautumia mfano mmoja tangu mwanzo. Mistari yake nimeitunga mwenyewe kwa mazoezi, ila tahajia zake ni za aina utakayokutana nayo:

Träger, Wanjamweſi und Waſaramo, von Bagamojo nach Kiſſerawe. Lohn 5 Rupien.

Killa mtu mwenyi khabari ya ngombe huyu na aje kwa liwali siku ya alkhamisi. Atapewa fetha, rupia sitta.

Hatua ya 1: Itazame chapa kabla ya kusoma neno

Mstari wa juu kwenye karatasi yenyewe ungekuwa na zile herufi nyeusi zenye pembe kali, ambazo Wajerumani waliziita Fraktur. Wa chini ungekuwa na herufi za kawaida kama hizi tunazotumia leo. Tofauti hiyo itakusaidia sana hatua ya 3, kwa hiyo iandike pembeni.

Kama bado uko mbele ya karatasi, piga picha mbili: moja kwa mwanga wa kawaida, nyingine mwanga ukitokea ubavuni, dirishani. Ya pili huonyesha alama ya risasi ya chapa pale wino ulipofifia. Usitumie flashi, maana hung'arisha karatasi na kumeza vinukta.

Hatua ya 2: Tenganisha herufi pacha

Hapa ndipo ilipozaliwa Kifferawe. Zamani s ilikuwa na maumbo mawili. Ile fupi tunayoijua ilikaa mwishoni mwa neno au mwishoni mwa sehemu ya neno. Mwanzoni na katikati ilikaa ndefu, ſ, ambayo inafanana mno na f. Kuza picha uangalie kijistari cha katikati: kwenye f kinaikata nguzo na kutokeza kulia, kwenye ſ hakivuki. Kinabaki kushoto, au hakipo kabisa. Ukishakiona mara tatu hutakisahau.

Pacha wengine ni u na n, B na V, N na R, na k ambayo huonekana kama t iliyoongezewa kitanzi. I kubwa na J kubwa mara nyingi ni umbo lilelile, na hapo hakuna kukuza kutakakokusaidia; neno lenyewe ndilo litakuambia.

Usikariri alfabeti nzima kutoka kwingine. Tafuta kwenye ukurasa wako jina unalolijua bila shaka, kama Tanga au Tabora, lizungushie duara, kisha ulitumie kama ufunguo. T, a, n na g za pale ndizo za ukurasa mzima, kwa sababu zimetoka kwenye kasha moja la herufi.

Sasa nakili mstari kama ulivyo, bila kusahihisha chochote. Herufi usiyo na hakika nayo iwekee [?]. Ukiandika "Kisarawe" hapa, umeshatupa ushahidi, na ukikosea hutakuwa na pa kurudi.

Hatua ya 3: Uliza ni sikio la nani lililoandika

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Herufi ileile hubeba sauti tofauti kutegemea aliyeandika alizoea lugha gani.

Mjerumani akiona s moja kabla ya irabu huitamka z. Ndiyo maana aliandika Sansibar kwa Zanzibar na Muansa kwa Mwanza. Alipotaka s yetu, aliirudia: ss. J kwake ni y, basi Bagamoyo ikawa Bagamojo. Sh yetu ni sch, kama Moschi, Aruscha na Schamba. J yetu ilimhitaji aandike dsch, na hapo ndipo lilipotoka lile jina refu Kilimandscharo.

Tukirudi kwenye mfano: Wanjamweſi, nj ni ny na ſ ni z, tunapata Wanyamwezi. Waſaramo, ſ moja, ni Wazaramo. Kiſſerawe, ſ mbili, ni s ya kawaida. Ile e badala ya a haina kanuni. Mwandishi aliisikia hivyo, na hapo unathibitisha kwa ramani na kwa maneno ya jirani. Angalia lakini: Wajerumani wenyewe hawakufuata kanuni hii siku zote. Ukiwa na s moja kwenye jina usilolijua, jaribu s na z zote mbili kabla ya kuamua.

Mstari wa chini umetoka kwenye sikio jingine, la wamisheni wa Unguja waliofuata tahajia ya Askofu Edward Steere, ambaye kitabu chake cha Kiswahili kilitoka 1870. Huku j ni j yetu na sh ni sh. Kinachokuchanganya ni konsonanti zinazorudiwa (killa, sitta, hatta), kh ya Kiarabu (khabari, khofu), mwenyi kwa mwenye, na th. Hiyo th ilisimamia sauti mbili: fetha ni fedha na thahabu ni dhahabu, lakini thelathini inabaki thelathini. Kwa hiyo usiamuru kompyuta ibadilishe th zote kwa mkupuo.

Ngombe bila ritifaa juu huenda ni wino uliofutika. Rudi kwenye picha ya mwanga wa ubavuni uhakikishe.

Hatua ya 4: Toa maana, na uyaache majina ya vyeo na sarafu

Mstari wa juu: *Wapagazi, Wanyamwezi na Wazaramo, wa kutoka Bagamoyo kwenda Kisarawe. Ujira rupia 5.*

Mstari wa chini: *Kila mtu mwenye habari za ng'ombe huyu aje kwa liwali siku ya Alhamisi. Atapewa fedha, rupia sita.*

Liwali nimemwacha liwali. Ukimgeuza mkuu wa wilaya unampa msomaji mtu ambaye hakuwepo. Na neno la hatari kuliko yote ni pesa. Leo ni fedha yoyote. Kwenye karatasi hizi mara nyingi ni sarafu hasa, 64 kwa rupia moja. Wajerumani walibadilisha hesabu hiyo mwaka 1904, rupia ikawa na heller 100, na heller hiyo ndiyo hela yetu ya leo. Kwa hiyo "pesa 8" ni moja ya nane ya rupia, na ukurasa unaohesabu kwa heller hauwezi kuwa wa 1895, hata kama mtu ameandika hivyo kwa penseli juu yake.

Mwisho, weka pamoja mistari mitatu: nakala kama ilivyo, tahajia ya leo, na maana. Chini yake andika namba ya jalada na ukurasa. Majalada ya enzi hiyo pale Upanga huanza na herufi G. Mdogo wangu hakuwa ameandika namba yake, na ilibidi arudi Jumatatu kuitafuta upya.