SOMO: Cha kuandika daftarini badala ya "Ongeza bidii"

Walimu wenzangu, habari za kazi. Leo nashika jambo moja tu: maneno mawili tunayoyaandika kwa kalamu nyekundu chini ya 2/10. Tunayaandika kwa nia njema, lakini mtoto ambaye tayari amekesha na hesabu zake anayasoma hivi: bidii niliyoiweka haijatosha, basi tatizo ni mimi.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza jambo hili mwaka 1977. Alizungumzia imani aliyonayo mtu kwamba kazi fulani, hii iliyo mbele yake, ataimudu. Hapa nitaiita imani ya kumudu. Si ujasiri wa jumla, maana mtoto anaweza kuimba mbele ya shule nzima bila woga, kisha akaficha daftari mkiingia kwenye kutoa kwa kukopa. Imani hiyo inatoka sehemu nne: kufanikiwa mwenyewe, kumwona mwenzake wa kiwango chake akifanikiwa, maneno ya watu anaowaamini, na jinsi mwili wake unavyojisikia akiwa kazini. Ya kwanza ina nguvu kuliko zote. Kwa hiyo maneno yetu yanashika pale tu yanapoegemea kitu ambacho mtoto amekifanya kweli.

Tuchukue mwanafunzi wa Darasa la Nne aliyeandika 502 − 178 = 476.

Hatua ya 1: Uliza imani kabla ya kazi. Mwonyeshe swali kwa sekunde chache, muda wa kuona ugumu wake lakini si wa kulikokotoa. Muulize: "Kutoka 1 hadi 10, una uhakika kiasi gani kwamba hii utaiweza?" Fanya hivyo kwa 86 − 42, kisha 62 − 27, kisha 502 − 178. Tuseme akajibu 9, 4 na 1. Hapo umeshajua imani inaanzia kuvunjika wapi: ni kwenye kukopa, si kwenye hesabu zote.

Hatua ya 2: Lisome kosa. Hiyo 476 haikuja kwa kubahatisha. Kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa: 8 toa 2, 7 toa 0, 5 toa 1. Mpe 62 − 27 atakuletea 45 kwa njia ileile. Mtoto huyu ana kanuni, na anaifuata kwa uaminifu. Ukimwambia aongeze bidii, ataifuata kanuni mbovu kwa bidii zaidi.

Hatua ya 3: Kata kazi vipande vya karibu. Mwaka 1981 Bandura na Dale Schunk walifanya kazi na watoto waliokuwa wamekwama kwenye kutoa. Kulikuwa na kurasa 42 za mazoezi katika vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa sita kila kipindi, jingine lilenge kumaliza zote 42 mwishoni. Waliopewa lengo la karibu ndio waliopanda zaidi, katika imani, katika hesabu zenyewe na hata katika kuzipenda. Kwa mtoto wetu, leo ni maswali manne tu ya aina ya 62 − 27. Zile zenye sifuri katikati zingoje.

Mpe vijiti: mafungu sita ya kumi na vijiti viwili. Mwambie aondoe 27. Atafika mahali vijiti viwili havitoshi kutoa saba, na mkono wake wenyewe utalazimika kufungua fungu moja. Usimfungulie.

Hatua ya 4: Andika jibu lenye kazi ndani yake. Hapa naomba tukae kidogo.

Akikosea, andika anachofanya sawa, kosa lilipo, na la kufanya sasa: "Safu umezipanga vizuri. Angalia mamoja: juu kuna 2, tunaondoa 7. Wewe umefanya 7 toa 2. Rudia kwa vijiti." Hakuna neno hata moja kuhusu akili yake wala tabia yake.

Akipata, mwambie kilichomfikisha: "Umefungua fungu kila mahali palipohitajika. Kukopa sasa unakuweza." Angalia kwamba sikuandika "umejitahidi". Schunk alilinganisha kauli hizi mwaka 1983 kwa watoto waliokuwa dhaifu kwenye kutoa. Walioambiwa kwamba wanaiweza kazi walipanda imani na ujuzi kuliko walioambiwa wanafanya bidii. Mpaka wa kauli hiyo ni huu: itaje kazi aliyoiweza, "kukopa unakuweza". Ukisema "una akili sana", siku atakayokosa atahitimisha kwamba akili zimekwisha.

Jambo jingine ni makofi ya kilo. Mtoto dhaifu akipata 5 + 3 na darasa zima likampigia makofi, wakati wenzake wakipata hiyohiyo hawaambiwi kitu, wote wanaelewa, na yeye anaelewa kuliko wote, kwamba mwalimu hakutegemea angeweza.

Hatua ya 5: Uliza tena. Swali lilelile la 1 hadi 10. Ikiwa kwenye 62 − 27 ametoka 4 hadi 8 na majibu ni sahihi, panda kwenda 502 − 178. Fungu moja la mia linakuwa makumi kumi, kumi moja linafunguliwa, zinabaki mia 4, makumi 9 na mamoja 12. Jibu ni 324. Ikiwa majibu ni sahihi lakini imani bado ni 4, usipande. Mpe mengine ya aina hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nina wanafunzi 90. Nitaandika hayo yote saa ngapi?

Usiandike 90. Makosa ya darasa moja huwa ya aina tatu au nne tu. Panga madaftari kwa aina ya kosa, weka herufi A, B au C mahali lilipo, kisha eleza kila herufi ubaoni na uwape muda wa kusahihisha palepale. Maneno marefu waandikie wachache waliokata tamaa, na wiki ijayo wengine.

Wazazi wanataka kuona alama. Nikiandika maelezo na alama pamoja si inatosha?

Ruth Butler alilichunguza hilo nchini Israeli, akachapisha mwaka 1988. Waliopewa maelezo pekee waliendelea vizuri, lakini kuongeza alama kulifuta faida ya maelezo, kwa kuwa jicho la mtoto linakimbilia namba. Kwa hiyo alama iweke kwenye rejesta yako kwanza. Daftarini yaende maelezo, mtoto asahihishe, ndipo alama iandikwe. Mzazi ataiona, amechelewa siku moja tu.

Nimefuata hatua zote na mtoto bado anatetemeka akiitwa ubaoni.

Basi ubao usiwe mahali pa kujaribia kwa sasa, dada. Moyo ukienda mbio yeye anausoma kama ushahidi kwamba hawezi. Mkalishe na mwenzake aliyekuwa anakosea hivyohivyo na sasa anapata, aone anavyofungua fungu. Usimwekee yule wa kwanza darasani, huyo hamhesabu kuwa mwenzake. Na hakikisha anaona maandishi ubaoni kutoka alipokaa. Wapo ambao shida ni macho.

Wangu ni kinyume, Mwalimu. Anasema 10 kila swali, na anakosa yote.

Huyo mara nyingi ana kanuni mbovu inayompa majibu bila kumkwamisha, hivyo kwake kila kitu kinaonekana sawa. Usimshushe kwa maneno. Mfundishe kuhakiki: ajumlishe jibu lake na namba aliyoitoa. 476 + 178 ni 654, wakati alianza na 502. Mwache aitazame hiyo tofauti mwenyewe, kisha mpe vijiti.