Nani aanze, nani asubiri: kupanga uzinduzi wa namba ya malipo sokoni

Mipango mingi ya uzinduzi niliyowahi kukabidhiwa huanza na idadi ya fulana, miavuli na vijana wa kuandikisha. Wateja huja mwishoni, tena wakiwa fungu moja: "wafanyabiashara wadogo". Hapa naeleza ninavyopanga kwa kutumia makundi matano ya Everett Rogers, Mmarekani aliyeeleza mwaka 1962 jinsi jambo jipya linavyosambaa kati ya watu.

Tuchukue soko moja la nafaka na mbogamboga lenye vizimba 400. Soko lenyewe ni la kufikirika ili hesabu zikae vizuri, ila tabia za watu wake nimezikuta kwenye masoko ya kweli. Bidhaa ni namba ya malipo ya biashara: mteja analipa kwa simu, na hela inaingia kwenye akaunti ya biashara badala ya laini binafsi ya muuzaji.

Hatua ya 1: Amua "kutumia" ni nini

Usihesabu walioandikishwa. Kijana wa kuandikisha analipwa kwa kila namba anayofungua. Anafungua, anatuma shilingi 500 kutoka simu yake ili namba "iamke", anahamia kizimba cha pili. Katika kazi moja niliyofanya, ripoti ya mwezi wa kwanza ilitufurahisha sote, mpaka tulipopanga miamala kwa namba ya mlipaji. Simu chache zilikuwa zimelipa karibu vizimba vyote, kwa kiasi kilekile, ndani ya siku mbili. Hao walikuwa vijana wetu wenyewe.

Siku hizi kipimo changu ni hiki: muuzaji amepokea malipo kutoka simu tano tofauti kila wiki, kwa wiki tatu mfululizo. Wiki ya tatu ikitimia, hiyo ndiyo tarehe yake ya kuanza kutumia. Kila hesabu inayofuata inasimama juu ya tarehe hiyo, kwa hiyo iandike kwenye mpango kabla hujaajiri mtu yeyote. Ukingoja mpaka namba zianze kuingia, kila idara itakuja na kipimo kinachoipendeza.

Hatua ya 2: Gawa vizimba kwa mafungu

Rogers aliwapanga watu kwa muda waliochukua kuanza. Unatafuta wastani wa muda huo, halafu unakata mafungu kwa umbali wa kila mtu kutoka kwenye wastani huo, ukipimwa kwa mtawanyiko wake. Majina ya Kiswahili hapa ni yangu, nimeyazoea kazini. Waonjaji ni asilimia 2.5 ya kwanza. Wanaowafuata, asilimia 13.5, nawaita vinara. Kisha wengi wa mbele asilimia 34, wengi wa nyuma asilimia 34, na wachelewaji asilimia 16.

Kwa vizimba 400 tunapata 10, 54, 136, 136 na 64. Lakini asilimia hizi ni za watu ambao hatimaye watatumia. Kama kuna vizimba 100 ambavyo huduma haiwafai kabisa, labda kwa sababu wanauza kwa mkopo wa daftari na kulipwa mwisho wa mwezi, ondoa hao kwanza na ukokotoe upya kwa 300.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuyachukua makundi haya kama tabia za kuzaliwa nazo: huyu kijana ana simujanja, basi ni mwonjaji; yule bibi ana kitochi, basi ni mchelewaji. Kundi linasema mtu alianza lini, kwa kitu hiki, katika jamii hii. Muuza maharage anayeagiza mzigo kutoka mikoani kwa simu tangu zamani anaweza kuwa wa mwisho kabisa kwenye namba yako, kwa sababu nzuri tu ambayo hujamuuliza. Na kwa kuwa kundi hujulikana baada ya mtu kuanza, wakati wa kupanga unachonacho ni ukubwa wa mafungu, bila majina. Majina lazima uyatafute.

Hatua ya 3: Waonjaji kumi, wa kutafuta kasoro

Hawa hujileta. Ni muuza kava za simu, kijana mwenye laini nne, jamaa anayeuliza maswali kuliko uwezo wako wa kujibu. Wape huduma wiki nne kabla ya tangazo lolote, na uwape namba ya mtu mmoja wa kumpigia. Kazi yao ni kukuonyesha pale ujumbe unapochelewa, menyu inapokatika, au malipo yanapoingia huku jina la biashara likiwa limekosewa.

Usiwafanye mabalozi. Sokoni mwonjaji anajulikana kwa kujaribu kila kitu, kikiwemo kilichomtia hasara mwaka jana, na jirani yake anamwangalia kwa kicheko tu. Akisema huduma ni nzuri, hiyo si habari.

Hatua ya 4: Watafute vinara kwa kuuliza majina

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko hatua zote. Pita kwenye vizimba 40, ukichagua kila cha kumi ili usiishie kwa wachangamfu wa mlangoni, na uulize swali moja: "Ukitaka kujua jambo linalohusu hela hapa sokoni, kabla hujaingia, unamuuliza nani?" Andika majina mawili au matatu. Usiulize "nani kiongozi", maana utatajiwa mwenyekiti wa soko kwa adabu.

Ukimaliza utakuwa na majina kama 100, mengi yametajwa mara moja tu. Machache yatajirudia. Mara nyingi ni kijumbe wa mchezo, mwenye duka la jumla ambaye wengine huchukua mzigo kwake, na mama mmoja aliyeuza pale miaka mingi. Katika vizimba 54 vya fungu hili, anza na hao kumi au kumi na wawili waliotajwa zaidi.

Sasa wasikilize. Mama mmoja wa mchele alinijibu hivi, baada ya shikamoo na kahawa: "Mwanangu, mteja wangu ananitumia kwenye laini yangu, na ya kutolea anaweka. Wewe unanipunguzia nini?" Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumeandaa maneno ya kushindana na noti, wakati mshindani wetu hasa alikuwa "nitumie na ya kutolea". Kwa muuzaji, mpango huo ni bure. Anayebeba makato ni mteja. Ukiuza namba ya malipo kwa kusema ni salama kuliko kubeba fedha, humwambii lolote jipya.

Kilichomgusa kilikuwa kingine. Laini yake binafsi ilichanganya hela ya mchele, ada za wajukuu na michango ya misiba, na jioni hakujua ameuza kiasi gani. Pia aliwahi kuonyeshwa meseji ya uongo ya malipo wakati wa msongamano. Akaunti ya biashara yenye orodha ya mauzo ya siku ilijibu mambo hayo mawili. Hofu iliyobaki ilikuwa kodi: je, orodha hiyo itaonwa na nani? Usimdanganye wala usilipuuze swali. Chukua jibu lililoandikwa na idara yako ya sheria, kwa Kiswahili cha sokoni, na kila mtu wako atoe jibu hilohilo. Kinara akipewa majibu mawili tofauti, soko zima litajua kabla ya adhuhuri.

Sababu ya kuwategemea watu hawa ni ya zamani. Ryan na Gross, waliochunguza mbegu chotara za mahindi kwa wakulima wa Iowa na kuchapisha mwaka 1943, waliona kuwa walioanza mapema walishawishiwa zaidi na wauza mbegu, na waliofuata walishawishiwa na majirani. Vijana wako wa fulana ndio wauza mbegu. Baada ya fungu la pili nguvu yao inaisha.

Hatua ya 5: Fuata njia ya hela

Mbegu mtu anaweza kuipanda peke yake. Malipo yana pande mbili, na upande mmoja unaweza kuuvuta mwingine. M-Pesa ya Kenya ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 kwa wateja wasiofika 500, ikiwa njia ya kurejesha mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Watu wakaitumia kutumiana hela. Ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Mtu wa mjini aliweza kumtumia hata ambaye hajajisajili. Mtumaji alilipa ada kubwa zaidi, na mpokeaji akaitoa bila makato. Hivyo mzazi kijijini alianza kwa kupokea, bila kushawishiwa na tangazo lolote.

Kwa soko letu, uliza hela ya muuza rejareja inaenda wapi jioni. Sehemu kubwa inarudi kwa mwenye duka la jumla. Huyo akikubali kulipwa kwenye namba ya biashara, na muuzaji akaweza kumlipa moja kwa moja kutoka akaunti yake ya biashara bila kwenda kwa wakala kutoa, swali la makato ya kutolea linapungua lenyewe. Kwa hiyo kati ya vinara wako, wa jumla waingie kwanza, hata kama ni wagumu na wanataka masharti yao. Kama mfumo wako hauruhusu biashara kulipa biashara, ahirisha uzinduzi mpaka uruhusu.

Hatua ya 6: Lango kabla ya wengi wa mbele

Waonjaji na vinara kwa pamoja ni vizimba 64, yaani asilimia 16. Rogers aliona usambaaji kwa kawaida huanza kujiendesha wenyewe kati ya asilimia 10 na 20, na ndiyo maana naweka lango hapo. Mabango, redio na punguzo la makato havianzi mpaka vizimba 64 vitimize kipimo cha hatua ya 1.

Lango lina kipimo cha pili, nacho nakiogopa zaidi: walioacha. Kila wiki hesabu waliokuwa wanatumia na sasa wana wiki tatu bila malipo. Wakiwa kumi kati ya 64, usifungue lango hata kama idadi imefika. Nenda kwa hao kumi mmoja mmoja. Sababu huwa mbili au tatu tu, na ninayokutana nayo zaidi ni ujumbe wa kuthibitisha kuchelewa siku ya gulio: muuzaji hawezi kumzuia mteja na gunia begani huku akitazama simu. Hilo linatatuliwa na mafundi, na hakuna punguzo litakaloliziba.

Lango likifunguka, wengi wa mbele wanataka kuona kizimba cha jirani kinapokea, na kwamba hela haijawahi kupotea. Kibandiko cha namba kikae usawa wa macho ya mnunuzi, na jina la biashara lisomeke. Zaidi ya hapo, waache vinara wajibu.

Wengi wa nyuma huingia pale kutokuwa na namba kunapowagharimu: mteja anauliza, anakosa, anahamia kizimba cha pili. Huwezi kuharakisha hilo kwa zawadi, na ukiwapa zawadi watakaa mpaka ziishe. Wachelewaji 64 siwatengei bajeti mwaka wa kwanza. Natuma mtu kwao mara moja kwa robo mwaka, akiwa na daftari na bila fomu ya kuandikisha, kuuliza kwa nini bado.