SOMO: Kukadiria mapato uliyopoteza na kumdai msambazaji aliyekuangusha

Barua nyingi za madai ya namna hii hukwama kwa sababu moja: mdai anaandika mauzo aliyoyakosa na kuyaita hasara. Wakili wa upande wa pili akishaona hivyo, hahitaji hata kubishana kama mteja wake alikosea. Anauliza tu, "Unga ambao hukuununua siku hizo, pesa yake iko wapi?" Basi somo hili ni la kufika kwenye tarakimu ambayo swali hilo haliiangushi.

Tutembee na mfano mmoja mpaka mwisho. Bekari ndogo Morogoro ina oveni mbili za gesi, kubwa mpya na ndogo ya zamani. Kubwa ilinunuliwa kwa msambazaji wa Dar es Salaam, na mkataba unasema hitilafu itarekebishwa ndani ya siku tatu za kazi tangu apewe taarifa. Jumatatu tarehe 5 Mei 2025 kidhibiti cha moto kikafa. Taarifa ilitumwa asubuhi hiyohiyo. Oveni ilipona Jumatatu tarehe 26 Mei, jioni.

Hatua ya kwanza: kosa ni lipi, na lilianza lini?

Kosa hapa ni kuchelewa kutengeneza. Msambazaji alikuwa na Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hiyo kuchelewa kwake kunaanza kuhesabiwa Ijumaa tarehe 9. Bekari haioki Jumapili, hivyo kutoka tarehe 9 hadi 26 zinapatikana siku 15 za kazi. Usianzie siku oveni ilipozima kwa kuwa tu ndiyo iliyokuuma. Na kama ndani ya siku hizo 15 kuna siku ambayo hata oveni nzima isingefanya kazi, mathalani umeme ulikatika kutwa, itoe mwenyewe kabla hujatolewa.

Hatua ya pili: je, alijua?

Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokea kwa kawaida kutokana na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote zilijua wakati wa kuingia mkataba kwamba huenda ikatokea. Hasara ya mbali haimo. Mzizi wake ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, Hadley v Baxendale. Mhimili wa mashine ya kusagia nafaka kule Gloucester ulivunjika, wasafirishaji wakachelewa kuufikisha kwa mafundi, na kinu kikasimama. Mwenye kinu hakupata faida aliyoipoteza, kwa kuwa wasafirishaji hawakuelezwa kwamba bila mhimili ule kinu kizima kimelala. Angeweza kuwa na wa akiba.

Kwa hiyo rudi kwenye meseji za kabla ya kununua. Kwa bekari yetu kuna ujumbe wa WhatsApp: "Hii ndiyo itakayobeba oda za maduka, ya zamani haiwezi peke yake." Mstari huo mmoja una thamani kuliko kurasa mbili za malalamiko. Malalamiko uliyoandika baada ya oveni kufa hayajibu swali la alichokijua siku ya mkataba.

Hatua ya tatu: ungeuza kiasi gani?

Hapa ndipo watu hujipendelea. Wanachukua mwezi wao bora kuliko yote na kuufanya kipimo. Chukua kipindi kinachofanana na kile ulichopoteza, kilicho karibu nacho, na useme kwa nini umekichagua. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, na mauzo ya mkate mwezi huo yana sura yake; kwa hiyo Machi tunaiacha. Tunachukua wiki nne kabla ya hitilafu, tunaondoa siku za Pasaka na sikukuu nyingine ambazo bekari ilifunga, na tunapata wastani wa mikate 600 kwa siku. Kisha tazama wiki baada ya oveni kupona. Mauzo yakirudi karibu na 600, una ushahidi wa pande zote mbili za shimo. Yakikwama kwenye 450, msambazaji atasema soko lilishuka lenyewe, na huenda ni kweli.

Siku zile 15 oveni ya zamani ilitoa mikate 220 kwa siku. Pengo ni 380 kwa siku, jumla 5,700.

Ila bekari haikukaa kimya. Kwa siku nane za mwisho ilikodi oveni ya jirani usiku na kupata mikate 150 ya ziada kila siku, yaani 1,200. Iliyokosekana kabisa ni mikate 4,500. Maelezo ya kifungu hicho cha 73 yanataka njia zilizokuwepo za kupunguza tatizo zizingatiwe. Ukikaa umefunga mlango wakati oveni ya kukodi ipo mtaa wa pili, sehemu hiyo ya hasara ni yako.

Hatua ya nne: toa ulichookoa

Mkate unauzwa kwa maduka shilingi 1,200. Mauzo yaliyokosekana ni 4,500 × 1,200 = 5,400,000. (Kama umesajiliwa VAT na bidhaa yako inatozwa, tumia bei isiyo na VAT. Kodi ile haikuwa yako.)

Sasa kwa kila mkate ambao haukuokwa, nini hakikutoka mfukoni? Unga, hamira, sukari, mafuta na mfuko ni 640, gesi 80, bodaboda wa kusambaza 60. Jumla 780. Kinachobaki ni 420 kwa mkate.

4,500 × 420 = 1,890,000.

Kisha kuna vibarua wawili walioambiwa wapumzike siku zote 15, kila mmoja shilingi 10,000 kwa siku. Hiyo ni 300,000 iliyookolewa, nayo inatoka: 1,590,000. Mwokaji wa mshahara aliendelea kulipwa, pango liliendelea, mlinzi aliendelea. Hayo hatuyatoi, kwa sababu hayakuokolewa.

Wala hatuyaongezi! Ukidai 1,590,000 halafu chini yake ukaandika "pamoja na pango la siku 15", umedai mara mbili. Ile 420 ya kila mkate ndiyo ambayo kawaida inalipa pango na mshahara kabla ya kukuachia chochote.

Hatua ya tano: ongeza gharama za kujiokoa

Kukodi oveni 30,000 kwa siku, na kusafirisha vifaa 10,000, kwa siku nane: 320,000. Kutumia 320,000 kuokoa mikate 1,200, ambayo kwa 420 kila mmoja inabakiza 504,000, ni uamuzi wa busara, na hesabu yenyewe inaonyesha. Dai la mwisho: shilingi 1,910,000.

Ni theluthi na kidogo ya ile 5,400,000. Wengine wataona unamwachia. Mimi naona ndiyo pekee kati ya hizo mbili inayoweza kusomwa mbele ya hakimu mstari kwa mstari. Hasara mahsusi, yaani yenye tarakimu, lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema hilo katika Zuberi Augustino v Anicet Mugabe, 1992, na linanukuliwa hadi leo.

Hatua ya sita: iandike

Aya ya msingi ya barua iwe hivi:

"Kwa mkataba wetu mlipaswa kurekebisha hitilafu ndani ya siku tatu za kazi. Taarifa mliipokea tarehe 5 Mei 2025 (kiambatisho A). Oveni ilitengemaa jioni ya tarehe 26 Mei, kama ilivyo kwenye fomu ya fundi wenu (kiambatisho B). Kwa siku 15 za kazi, kuanzia tarehe 9 hadi 26, tulikosa kuoka mikate 4,500, baada ya kuondoa tuliyooka kwa oveni ya zamani na ya kukodi. Hesabu ipo kiambatisho C. Tunadai shilingi 1,910,000."

Kiambatisho C ni ukurasa mmoja. Kila mstari uelekeze kwenye karatasi yake: ripoti za Z za mashine ya EFD, daftari la oda, risiti za unga, taarifa ya M-Pesa, risiti ya kukodi oveni.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Mwanza:* Mwalimu, shikamoo. Mkataba wangu una kipengele kwamba muuzaji hatawajibika kwa hasara ya mapato. Nimekwisha?

Marahaba. Kisome kwanza, usikisikie tu. Vingine vinazuia hasara ya mapato lakini havigusi gharama za ziada. Kwa mfano wetu ile 320,000 ingebaki hai. Angalia pia kama kipo kwenye mkataba uliosaini au kimechapwa nyuma ya risiti uliyopewa baada ya kulipa. Kilichokuja baada ya makubaliano kina kazi ngumu ya kuingia ndani yake. Hapo mwonyeshe wakili karatasi zenyewe.

*Mwanachama, Dodoma:* Na zile siku tatu za mwanzo, 6 hadi 8 Mei? Mbona tumezisamehe?

Swali zuri. Tumeziacha kwa sababu dai letu ni la kuchelewa. Ukiweza kuonyesha kwamba oveni iliuzwa ikiwa mbovu tangu mwanzo, hilo ni kosa jingine, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, na hasara yake inaweza kuanza siku ilipozima. Utahitaji fundi huru aandike sababu ya kidhibiti kufa. Bila hiyo karatasi, baki kwenye ucheleweshaji.

*Mwanachama, Thika:* Niko Kenya, friza ya duka langu la maziwa ililetwa ikiwa imeharibika, na duka lilikuwa na wiki tatu tu. Sina historia ya mauzo.

Pole sana, dada. Biashara changa haikatazwi kudai, ila inabanwa zaidi kwenye ushahidi. Tumia oda zilizolipiwa awali, mauzo ya wiki hizo tatu, na mauzo baada ya friza kupona. Makadirio uliyompelekea benki kuomba mkopo usiyategemee. Yaliandikwa kumridhisha benki. Dai lisilozidi shilingi milioni moja ya Kenya unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo.

*Mwanachama, Temeke:* Kaka, tuongee ukweli. Niliyotangaza TRA ni madogo kuliko ninayouza. Nitumie ipi?

Uliyotangaza. Upande wa pili wataomba ripoti zako za EFD na ritani, na ukileta daftari la pembeni lenye mauzo makubwa zaidi, utakuwa umeliua dai lako na kujifungulia jingine ofisini kwa TRA.

*Mwanachama, Iringa:* Kantini ya shule iliyokuwa ikichukua mikate 60 kila siku ilihamia kwa mwingine na haijarudi. Naweza kuidai hiyo ya mwaka mzima?

Mwaka ni mrefu mno. Kama kantini wataandika kwamba waliondoka kwa sababu hukuwapelekea mikate siku hizo, dai muda unaofaa wa kupata mteja wa kuziba nafasi. Kwa tarakimu za mfano wetu, 60 × 420 ni shilingi 25,200 kwa siku, na kwa wiki nne za siku tano tano ni 504,000. Iweke kwenye mstari wake pekee, mbali na zile 4,500, ili hakimu akiikataa isivute na nyingine.