Mtoto anasomea nyumbani? Anza na QT

Wazazi mnaosomesha nyumbani hapa Tanzania, mtoto ambaye hajafanya mtihani wa kidato cha pili hawezi kurukia cha nne, anaanza na QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ndo baadae anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili huwa mwanzoni mwa mwaka. Nendeni kwanza kituo atakachofanyia mtihani, mara nyingi ni sekondari ya karibu, wawape namba rejea, ndo mlipie na kujaza fomu mtandaoni NECTA. Bebeni cheti cha kuzaliwa na pasipoti saizi. Jina likaguliwe herufi kwa herufi jamani, cheti kikisema Yusuph msijaze Yusuf.