Somo: Kinaya cha maneno na kinaya cha tukio katika kisa cha Kombo na changu wake

Wanafunzi wangu wa darasa la sita hapa Tanga wakikuta jambo lolote la kushangaza kwenye hadithi, huandika "kinaya". Lakini kinaya ni pale tu maneno yanapokuwa kinyume cha maana ya msemaji, au tukio linapokuwa kinyume cha lililokusudiwa au lililotarajiwa. Nimewatungia kisa hiki kifupi. Kina kinaya cha aina mbili, na mtego mmoja. Kisomeni mara mbili.

*Kombo alirudi pwani ya Sahare na tenga la changu. Hakutaka kuwagawia majirani, akawaambia, "Leo sikupata hata dagaa." Akalificha tenga chini ya kitanda, angoje usiku akaange ale peke yake. Majirani wakamhurumia. Baada ya magharibi wakaja na ugali na mchicha, wakakaa kumliwaza hadi saa sita usiku, wakimwambia, "Pole, kesho Mungu atakujaalia." Kombo hakuthubutu kuwasha jiko, harufu ingemuumbua. Usingizi ukamchukua. Asubuhi changu wote walikuwa wamevunda. Bibi yake akaingia, akaziba pua kwa upindo wa kanga, akasema, "Kweli bahari ilikunyima, mjukuu wangu. Humu ndani hata harufu ya samaki haipo."*

Hatua ya 1. Pigia mstari maneno ya mhusika yanayopingana na ukweli wa hadithi. Hapa yako mahali pawili: ya Kombo kuhusu dagaa, na ya Bibi kuhusu harufu.

Hatua ya 2. Kwa kila mstari jiulize: msemaji anataka aaminiwe? Huu ndio mtego. Kombo anataka majirani waamini, kwa hiyo huo ni uongo. Bibi hataki kuaminiwa. Anajua samaki wapo, na anataka Kombo aelewe kwamba amejua. Hicho ni kinaya cha maneno.

Tumejuaje? Bibi angekuwa mbele yetu, sauti yake ingetuonyesha. Kwenye karatasi sauti haisikiki, hivyo mtunzi huacha dalili pembeni ya maneno. Dalili yetu ni kuziba pua. Ifute sentensi hiyo, uone: msomaji anaweza kudhani Bibi ana mafua na hasikii harufu. Kwa hiyo usimalize jibu lako bila kutaja dalili uliyoiona.

Hatua ya 3. Sasa yaache maneno, tazama matendo. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari. Kushoto andika alichokusudia Kombo: majirani wasije, ale changu peke yake. Kulia andika kilichompata: majirani walijaa nyumbani, na changu hakuwala. Pande mbili zimegeukana. Hicho ni kinaya cha tukio.

Kisha jaribu kuziunga kwa "kwa sababu": majirani walikuja *kwa sababu* Kombo aliwaambia hakupata kitu. Hila aliyoitumia kuwazuia ndiyo iliyowaleta. Lakini kama paka angepita dirishani akawala changu, Kombo angepata hasara ileile, ila ingekuwa bahati mbaya tu.

Hatua ya 4. Andika jibu: taja aina ya kinaya, nukuu maneno au eleza tukio, halafu sema kinyume chake ni nini.

Maswali ya wasomaji

*Mzazi, Makorora:* Mwalimu, mwanangu ameandika kuwa majirani waliposema "pole, kesho Mungu atakujaalia" ni kinaya cha maneno. Amekosa?

Amekosa aina, ila sikio lake ni zuri. Majirani wanasema wanachokiamini, hawana maana ya pili. Sisi wasomaji ndio tunaojua siri iliyo chini ya kitanda. Hiyo ni aina ya tatu, ambapo msomaji anajua asilolijua mhusika. Mpongeze, kisha mrudishe kwenye swali la hatua ya 2.

*Mwanafunzi, darasa la saba:* Shikamoo mwalimu. Fundi anayekalafati mashua za watu, halafu mashua yake inazama kwa kuvuja. Hapa "kwa sababu" siioni, je, si kinaya?

Marahaba. Ni kinaya cha tukio. Kwake tunatazama kazi yake badala ya kusudi lake: mtu anayeziba nyufa za wengine tunamtarajia awe na mashua isiyovuja. Upande wa kushoto andika "tunachotarajia kwa fundi wa kalafati". Mashua hiyohiyo ikizama kwa dhoruba, kinaya kinapotea, maana dhoruba haina uhusiano na ufundi wake.

*Mwalimu, Pangani:* Mwenzangu, kejeli na kinaya cha maneno unavitenganishaje darasani?

Nawaambia watazame lengo. Kejeli hulenga kumchoma mtu. Kinaya cha maneno kinaweza kuchoma, na kinaweza kuwa utani tu: mvua inamwagika, dada anasema "leo nguo zitakauka haraka", hakuna aliyeumizwa. Maneno ya Bibi ni vyote viwili, na mwanafunzi akiandika hivyo kwa sababu nzuri, mimi humpa alama zote.