SOMO: Kujua kama jina la biashara limeshachukuliwa, na kwa nini cheti cha BRELA si alama ya biashara

Wakuu, kila wiki naulizwa hili faragha. Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Ninayosema ni ya Tanzania Bara.

1. Andika majina matatu kabla ya kutafuta lolote, maana la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa.

2. Fungua ors.brela.go.tz, nenda sehemu ya kutafuta. Tafuta kwenye kampuni, kisha rudia kwenye majina ya biashara. Ni orodha mbili.

3. Tafuta kiini cha jina, usitafute jina zima. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Tuseme unataka "Neema Viungo Enterprises". Ukiandika yote matatu utaambiwa hakuna, utashangilia, utachapisha mifuko, halafu maombi yanarudishwa kwa sababu ipo "Nema Spices Limited". Msajili hakatai majina yaliyofanana herufi kwa herufi tu. Hukataa pia yanayokaribiana kiasi cha kumchanganya mtu. "Enterprises", "Traders", "Investment" na "Limited" hazikutofautishi na yeyote. Kwa hiyo andika "Neema" peke yake, kisha "Nema", kisha "Neemah", usome yote yanayotoka. Usichapishe mifuko, bango wala muhuri kabla jina halijakubaliwa.

4. Sasa alama. BRELA ndiyo inayosajili kampuni, majina ya biashara, na alama za biashara na huduma, ndiyo maana watu wanadhani cheti kimoja kimekagua vyote. Sivyo. Ni daftari tofauti chini ya sheria tofauti. Jina la kampuni linasema nani anauza, yaani nani anadaiwa na nani anashtakiwa. Alama inasema bidhaa hii imetoka kwa nani, na ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine asiibandike kwenye bidhaa kama yako.

Alama husajiliwa kwa madaraja, jumla 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Pilau masala ya Neema iko daraja la 30. Siagi ya karanga iko la 29, sabuni la 3. Mwenye "Neema" ya sabuni huenda asikuzuie kwenye viungo, lakini mwenye "Nema" ya unga wa ngano atakuzuia, kwa kuwa unga nao ni 30 na mko rafu moja dukani. Omba upekuzi wa alama kwa daraja lako, kisha zunguka Kariakoo usome pakiti. Aliyeitumia alama miaka mingi bila kuisajili bado anaweza kukupinga.

MASWALI

Mpemba_Town: Nina cheti cha jina tangu mwaka jana. Si nimeshalindwa?

Mwandishi: Soma hatua ya 4.

Mpemba_Town: Nimesoma. Naomba jibu la ndiyo au hapana.

Mwandishi: Hapana.

DadaKaranga: Shikamoo kaka. Natengeneza siagi ya karanga na pilipili ya chupa, jina moja. Nisajili mara moja au mbili?

Mwandishi: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Mara mbili: siagi ni 29, sosi ya pilipili ni 30, na kila daraja lina maombi na ada yake. Fedha ikiwa ndogo, anza na bidhaa inayokuuzia zaidi. Na usichague jina linaloelezea bidhaa yenyewe, mfano "Karanga Tamu". Hilo halisajiliki kirahisi, kwa sababu kila muuza karanga ana haki ya kusema karanga zake ni tamu.

Boss_Mdogo: Mbona mwanasheria wangu kasema jina likishapita kila kitu sawa? Unatutisha bure.

Mwandishi: Jina limepita kwenye daftari la majina. Muulize kama alipekua alama, na daraja gani. Asipotaja namba, hakupekua.

Mgeni_Unguja: Nikisajili alama Bara, Zanzibar inanilinda?

Mwandishi: Haikulindi. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na sheria yake. Boti ya saa mbili tu, lakini ukiuza pande zote mbili unasajili mara mbili. Kwa Bara, maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la alama, na mtu ana siku 60 za kupinga. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10.

DadaKaranga: Hizo siku 60, na mimi naweza kumpinga mtu?

Mwandishi: Naam, ndiyo maana jarida lasomwa hata na waliokwisha kusajili. Likipita kimya, kumtoa baadaye ni kazi ndefu na ya wakili.

Fundi_Tovuti: Nyongeza: kabla ya kulipia ada yoyote, angalia kama jina lipo wazi kwenye .co.tz na Instagram.

Mwandishi: Kweli kabisa. Ila kulikuta wazi Instagram hakumaanishi liko wazi BRELA, msije mkaniuliza na hilo.