REF kwenye transfoma ya 33/11 kV: kuipanga, kuijaribu, na kwa nini inaona kile 87T isichokiona

Usiku mmoja wa masika hapa Dar es Salaam niliitwa kwenye kituo kidogo cha 33/11 kV. Transfoma ya MVA 15 ilikuwa imejitoa yenyewe, na kwenye kioo cha rilei paliandikwa REF, yaani ulinzi wa hitilafu ya ardhi iliyo ndani ya koili tu. Rilei ya Buchholz ilikuwa kimya, mafuta yalikuwa safi, na koili zilipimwa hadi alfajiri bila kuonekana kasoro. Mitaa yote iliyokuwa ikilishwa na transfoma ile ilikesha gizani kwa sababu hakuna aliyethubutu kuirudisha. Asubuhi nikasoma kumbukumbu za fida za 11 kV: sekunde ileile, kuti la mnazi lilikuwa limelalia waya nje kabisa ya kituo.

Ulinzi ambao kazi yake ni kutazama ndani ya transfoma tu ulikuwa umefyatuka kwa hitilafu ya nje. Sababu ilikuwa waya mbili zilizopishana. Waya hizo zilikuwa hivyo kwa miezi mingi, transfoma ikibeba mzigo kamili bila tatizo lolote. Nitaeleza jinsi ya kuipanga REF tangu mwanzo, na jinsi ya kulikamata kosa hilo kabla ya masika.

Hatua ya 1: Elewa kwanza 87T inapima nini

87T ni ulinzi wa tofauti wa transfoma nzima. Chukua transfoma ileile: Dyn11, yaani delta upande wa 33 kV na nyota upande wa 11 kV. Mkondo wake kamili ni ampea 262 upande wa juu na ampea 787 upande wa chini. Nyutro ya nyota imeungwa ardhini kupitia rezista ya takriban om 8, inayozuia hitilafu ya ardhi isizidi ampea 787.

Sasa koili ya fezi moja ya nyota igusane na kiini cha chuma mahali fulani katikati. Umbali wa mahali hapo kutoka kwenye nyutro, kama sehemu ya koili nzima, tuuite x. Volti inayosukuma hitilafu ni x tu ya volti ya fezi, kwa hiyo mkondo wa hitilafu ni x ya ampea 787. Mkondo huo wote unapita kwenye nyutro.

Upande wa 33 kV mambo ni tofauti. Huko hitilafu huonekana kupitia mizunguko iliyoguswa tu, nayo ni x ya mizunguko yote. Kwa hiyo mkondo uliokwisha kupunguzwa na x mara moja unapunguzwa tena na x:

```
I_f  = 787 × x
I_33 = I_f × x / 5.196 = 151 × x²
```

Hiyo 5.196 ni uwiano wa mizunguko ya koili ya delta kwa koili ya nyota, yaani 3 mara kipeuo cha 3.

Hapa ndipo ilipo siri yote. Fida zinapolishwa na transfoma hii peke yake, mkondo wa hitilafu haupiti kwenye transfoma za mkondo za fezi upande wa 11 kV, kwa sababu unaishia ndani. Kwa hiyo 87T, ambayo hulinganisha kinachoingia 33 kV na kinachotoka 11 kV, inabaki na hiyo x² peke yake kama ushahidi. Ikiwa imepangwa asilimia 20, inahitaji kuona ampea 52 upande wa juu. Weka 52 kwenye fomula utapata x ya 0.59. Maana yake asilimia 59 ya koili ya nyota, kuanzia nyutro kwenda juu, haina ulinzi wa 87T dhidi ya hitilafu ya ardhi.

Tazama hitilafu kwenye asilimia 30 ya koili. Nyutro inabeba ampea 236, mkondo wa kutosha kuunguza karatasi ya koili na kula bati za kiini. Upande wa 33 kV kinachoongezeka ni chini ya ampea 14, asilimia 5 tu ya mkondo kamili.

Mtu atauliza kwa nini tusiishushe 87T hadi asilimia 5. Haiwezekani, kwa sababu inalinganisha pande mbili zenye volti tofauti. Tepu zikihama, uwiano unahama nazo. Transfoma ikiwashwa, mkondo wa kuamsha sumaku unaonekana upande mmoja tu. Lazima iachiwe nafasi ya kuvumilia yote hayo. REF haijui tepu wala haiujali mkondo huo wa upande wa delta, kwa kuwa transfoma zake zote nne za mkondo ziko kwenye koili ileile ya 11 kV: tatu kwenye fezi na moja kwenye nyutro. Inauliza swali moja tu: mkondo uliopanda kwenye nyutro, umetoka kwenye fezi au haukutoka?

Nyutro ikiungwa ardhini moja kwa moja bila rezista, hesabu ya x² haifuati mstari huo, lakini hitimisho halibadiliki. Hitilafu iliyo karibu na nyutro inatoa mkondo mkubwa sana ndani ya koili huku upande wa juu ukiwa mdogo. REF hapo inalinda karibu koili nzima.

Hatua ya 2: Kokotoa volti ya utulivu

Nitaeleza REF ya ukinzani mkubwa, ambayo ndiyo nimekutana nayo zaidi. Transfoma zote nne za mkondo zinaunganishwa sambamba, na rilei pamoja na rezista ya kutuliza vinakaa kati. Transfoma hizo nne lazima ziwe na uwiano mmoja. Zetu ni 800/1, daraja PX.

Hofu yetu ni hitilafu kubwa ya nje inayoijaza sumaku transfoma moja ya mkondo hadi ikose kutoa kitu, huku nyingine zikitoa sawasawa. Tunachukulia hali mbaya kabisa. Transfoma yenye impidensi ya asilimia 10 inaweza kupitisha ampea 7,873, sawa na 9.84 kwenye sekondari. Ukinzani wa ndani wa transfoma ya mkondo ni om 3 ikiwa na joto. Kebo ni mita 100 ya milimita za mraba 4. Ikiwa na joto ni om 0.56 kwenda na vivyo hivyo kurudi.

```
Vs = 9.84 × (3 + 1.12) = 40.5 V
```

Nachagua volti 45. Ukokotoe ukinzani wa kebo kwa joto la nyuzi 75, si 20. Sanduku la waya lililoanikwa juani Dar huchemka kwelikweli, na kosa hilo dogo ndilo linalomeza nafasi yako ya usalama.

Volti ya goti ya transfoma za mkondo iwe angalau mara mbili ya Vs, yaani 90 kwenda juu. Zetu zina 150.

Hatua ya 3: Rezista, kisha mkondo halisi wa kufyatua

Rilei naipanga 0.1 A. Rezista inakuwa 45 gawanya kwa 0.1, om 450.

Watu wengi huishia hapo na kuandika kwamba REF inafyatuka kwa ampea 80. Hapana. Kwenye volti 45, kila transfoma ya mkondo inakula miliampea 5 kwa ajili ya sumaku yake, na ziko nne:

```
I = 800 × (0.1 + 4 × 0.005) = 96 A
```

Ampea 96 ni asilimia 12 ya 787. Kumbuka huku x haijazidishwa mara mbili, kwa hiyo sehemu isiyolindwa ni asilimia 12 ya koili, wakati kwa 87T ilikuwa 59. Sehemu hiyo ya chini kabisa ina volti zisizozidi 770 hivi kwenda ardhini, na hitilafu ikitokea hapo inaachiwa rilei ya akiba ya nyutro, ambayo hungoja kwanza.

REF yenyewe haihitaji kungoja hata kidogo. Lakini usiiondoe 87T kwa furaha hiyo: REF hii haioni hitilafu za koili ya delta, wala za fezi kwa fezi, wala mizunguko iliyogusana yenyewe kwa yenyewe.

Sambamba na rilei na rezista yake huwekwa metrosili ya kuzima volti za kilele. Palipo na rezista ya nyutro kama hapa, vilele ni vidogo. Nyutro ikiwa imeungwa moja kwa moja, kokotoa kilele na usikubali kipite volti 3,000.

Hatua ya 4: Jaribu mwelekeo wa transfoma ya mkondo ya nyutro

Sasa turudi kwenye kuti la mnazi. Fezi moja ikigeuzwa waya, utajua siku ya kwanza ya mzigo, kwa sababu jumla ya fezi tatu haitakuwa sifuri na REF itafyatuka. Nyutro ikigeuzwa, mzigo hausemi kitu. Mzigo uliosawazika haupitishi mkondo kwenye nyutro, na sifuri iliyogeuzwa bado ni sifuri. Ndiyo maana ile transfoma ilikaa miezi yote hiyo.

Kipimo chake ni rahisi. Zima, pata kibali cha kazi, hakikisha pande zote hazina umeme na kisha fanya hivi:

1. Ruka rezista ya nyutro kwa kebo nene, ili nyutro iende ardhini moja kwa moja.
2. Upande wa 11 kV, unga fezi moja na baa ya ardhi, mahali palipo nje ya transfoma ya mkondo ya fezi hiyo. Hiyo ndiyo hitilafu yako ya nje.
3. Ziba rezista ya kutuliza kwa kipande cha waya ili mkondo uiruke, na weka ampea mita mahali pa rilei.
4. Peleka volti 400 za fezi tatu kutoka jenereta ndogo kwenye ncha za 33 kV. Tarajia ampea 18 hivi kwenye fezi mbili za jenereta, na karibu 95 kwenye nyutro.

Kila transfoma ya mkondo inayopitiwa itatoa karibu miliampea 119. Waya zikiwa sawa, mbili hizo zinazungushiana mkondo na ampea mita inabaki na miliampea chache. Ukisoma 238, nyutro imegeuka, na baada ya ule usiku wa masika nilisoma kitu cha namna hiyo hasa. Rudia kwa fezi mbili zilizobaki.

Kisha sogeza muunganisho wa ardhi uje ndani, kati ya transfoma kuu na transfoma ya mkondo ya fezi. Sasa isome 119, kwa kuwa nyutro inatoa na fezi haitoi. Usomaji huo wa pili unathibitisha kwamba waya haujakatika, kwani waya uliokatika pande zote mbili nao ungekupa miliampea chache kwenye kipimo cha kwanza ukadhani umefaulu.

Ukimaliza, fungua vizibo vyote viwili, cha rezista ya nyutro na cha rezista ya kutuliza. Viandike kwenye karatasi ya kazi kabla hujavifunga, na mwenzako atie sahihi kuwa ameona vimetoka.

Hatua ya 5: Ikifyatuka, soma kabla ya kufungua tanki

Kinasa matukio cha rilei ya kisasa kinaonyesha mkondo wa nyutro na jumla ya fezi tatu. Viweke pamoja. Hitilafu ikiwa ndani na fida zikilishwa na transfoma hiyo peke yake, nyutro ina mkondo na jumla ya fezi ni karibu sifuri. Hitilafu ikiwa nje, mawimbi mawili yana ukubwa mmoja. Hapo ama mwelekeo umegeuka, ama transfoma moja ya mkondo imeshiba. Iliyoshiba utaijua kwa umbo: wimbi lake linaanza vizuri kisha linakatwa kabla ya kumaliza nusu yake. Iliyogeuka ina wimbi zima, safi, lakini linapanda pale ambapo lingepaswa kushuka.